Bakteria Anayeishi Ndani ya Asidi

Asidi ya tumbo huua vijidudu vingi tunavyomeza, lakini Helicobacter pylori huponea humo. Silaha yake ni kimeng'enya kiitwacho yurease. Mwilini mwetu daima kuna yurea, taka ileile inayotoka na mkojo, na kiasi chake hufika tumboni. Bakteria huivuta ndani, na yurease huivunja kuwa amonia na kaboni dayoksaidi. Amonia huzima asidi inayomzunguka. Tena hulainisha ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo, naye huogelea kwa mikia yake hadi karibu na seli, mahali ambapo asidi ni hafifu.

Hapo ndipo uvimbe huanza. Wengi hawahisi chochote kwa miaka. Kwa baadhi, uvimbe wa sehemu ya chini ya tumbo huongeza homoni ya gastrini, asidi huzidi, na mwanzo wa utumbo mwembamba huchimbika kidonda. Yaani anayechimba hasa ni asidi yetu wenyewe.

Mwaka 1984, daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria hao makusudi. Siku chache baadaye alianza kutapika, na kipimo kikaonyesha uvimbe tumboni, ingawa hakupata kidonda.

Yurease hiyohiyo humfichua mdudu: mgonjwa hunywa yurea yenye kaboni maalumu, kisha hupuliza. Kaboni hiyo ikitokea kwenye pumzi, bakteria yumo. Ila omeprazoli ikitumiwa karibuni, kipimo huweza kudanganya. Huachwa wiki mbili kabla.