Kufunga Ncha ya Soksi Bila Kuacha Tuta

Soksi inayofumwa kwa mkono kuanzia juu huishia vidoleni, na hapo mfumaji hubaki na safu mbili za vitanzi vilivyo wazi: moja ya upande wa juu wa mguu, nyingine ya upande wa unyayo. Njia ya mkato ni kuvifuma pamoja viwili viwili na kufunga. Tatizo ni kwamba njia hiyo huacha tuta, na ndani ya kiatu kinachobana tuta hilo husugua vidole mpaka vikatoka malengelenge. Kwa hiyo mfumaji makini huziunganisha safu hizo kwa sindano butu ya kushonea sufu, akiupitisha uzi njia ileile ambayo ungepita kama angefuma mstari mmoja zaidi. Wafumaji wa Kiingereza huuita mshono huu kwa jina la Lodi Kitchener, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Uingereza kuanzia 1914 hadi kifo chake mwaka 1916, wakati wanawake wa nchi ile walipokuwa wakifuma soksi kwa wingi kwa ajili ya askari walioko vitani.

Chukua soksi ya vitanzi 64. Ukipunguza vitanzi vinne kila baada ya mzunguko mmoja, na kufanya hivyo mara kumi, unabaki na 24. Vigawe kwenye sindano mbili za kufumia, 12 mbele na 12 nyuma, zikiwa sambamba, ncha zote zikielekea kulia. Uzi utoke mwisho wa kulia wa safu ya nyuma. Kata uzi ukibakiza kama sentimita 30, kisha utunge kwenye sindano butu.

Hapa ndipo wengi hukwama. Maelekezo ya kawaida husema: mbele, ingiza kama unayefuma wazi, achia, kama unayefuma kinyume, bakiza. Nyuma, ingiza kama unayefuma kinyume, achia. Kama unayefuma wazi, bakiza. Mtu huyakariri kama wimbo, na simu ikilia katikati, wimbo umepotea. Naona kukariri huko ni kujitesa, kwa sababu maagizo hayo manne ni jambo moja tu lililosemwa mara mbili. Safu ya mbele inakuonyesha uso wa nje wa soksi, ya nyuma inakuonyesha uso wa ndani. Ndiyo maana maneno yanageuka. Acha kufikiria mbele na nyuma, fikiria ndani na nje ya soksi, na kanuni inabaki hii: kila kitanzi hupitiwa mara mbili. Mara ya kwanza sindano hutoka ndani kwenda nje, na kitanzi kinabaki mahali pake. Mara ya pili huingia kutoka nje kwenda ndani, na kitanzi kinaachiwa.

Basi anza kwa kupita kitanzi cha kwanza cha mbele, ndani kwenda nje, kisha cha kwanza cha nyuma vivyo hivyo. Sasa rudi mbele: kitanzi cha kwanza tayari kimepitiwa mara moja, kwa hiyo ingia kutoka nje na ukiachie, kinachofuata hakijaguswa, toka kutoka ndani na ukibakize. Nenda nyuma, fanya hayohayo. Endelea mpaka kila safu ibaki na kitanzi kimoja, ambacho utakiingia kutoka nje na kukiachia.

Ukikatizwa, tazama uzi umetokea safu ipi; zamu ni ya safu nyingine. Unapohama, uzi upite chini ya ncha za sindano za kufumia. Ukipita juu yake, utaona uzi wa ziada umelala juu ya sindano. Kinundu kikijitokeza upande wa nje, ulipita kitanzi kinyume. Kikibaki kitanzi kinachoning'inia pembeni ya mshono, ulikiachia kikiwa kimepitiwa mara moja tu. Rudi nyuma hadi hapo ufumue, kwa sababu kuvuta uzi hakutaliondoa kosa hilo.

Usikaze sana unaposhona. Uache uzi ulegee, halafu baada ya vitanzi vitatu au vinne uuvute kidogo kidogo kwa ncha ya sindano, kutoka kulia kwenda kushoto, hadi vitanzi vipya vilingane na vya jirani. Mshono uliokazwa kupita kiasi hukunja ncha ya soksi, na mguu utauhisi.

Pembeni mwa mshono huenda kikatokea kijisikio kidogo. Hutokea kwa sababu safu mbili zinazokutana kichwa kwa kichwa haziwezi kulingana kabisa. Moja husogea nusu kitanzi. Kwenye ufumaji laini hilo huonekana pembeni tu, na waweza kukivutia ndani unapoficha mkia wa uzi. Kwenye ufumaji wa mistari iliyoinuka, kama ule wa juu ya soksi, nusu kitanzi hiyo huonekana mstari kwa mstari, kwa hiyo mistari hiyo imalizike kabla ya kufika vidoleni.