Kabla ya Kulipia Laptopu ya Mtumba

Muuzaji wa Kariakoo akikuambia "hii ni Core i5", bado hajakuambia jambo la maana. Jina hilo limetumika kwa prosesa za miaka mingi. Tazama tarakimu zinazofuata kistari: i5-6300U ni ya kizazi cha 6, ina viini viwili, i5-8350U ni ya kizazi cha 8, ina viini vinne. Mfasiri anayeongea na mteja kwa video, huku hati na kurasa kadhaa ziko wazi, ataiona tofauti hiyo siku ya kwanza. Tena Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida Oktoba 14, 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 kwa kawaida hudai kizazi cha 8 au zaidi.

Kwa kazi za kuandika, kutafsiri na kuhudumia wateja mtandaoni, tafuta RAM ya GB 8 au zaidi na diski ya SSD. Mashine za ofisi za mwaka 2018, kama HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 na Lenovo ThinkPad T480, zinafaa sana kwa sababu RAM yake huongezwa baadaye. Usitegemee stika ya nje: bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Performance, usome mwenyewe.

Kisha pima betri. Fungua Command Prompt, andika:

```
powercfg /batteryreport
```

Fungua ripoti inayotengenezwa, ulinganishe DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya kwanza ikiwa 60,000 mWh na ya pili 33,000, betri imebaki na asilimia 55 ya uwezo wake. Iliyokuwa ikidumu saa sita sasa itadumu tatu na ushei. Hapo punguziwa bei ya betri mpya, hasa kama umeme wa kwenu hukatika mara kwa mara.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Laptopu nyingi za aina hii zilikuwa mali ya kampuni za nje, na baadhi bado zimesajiliwa huko. Muuzaji akiweka Windows bila intaneti, kufuli hilo hujificha. Siku utakapoisafisha na kuiunganisha mtandaoni, itadai barua pepe ya kampuni usiyoijua. Kwa hiyo omba afanye Reset this PC mbele yako, kisha aiwashe ikiwa na intaneti mpaka ifike mwisho. Ingia pia kwenye BIOS: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, iache.

Mwisho jaribu kila kitufe, kamera, maikrofoni na Wi-Fi, udai risiti yenye namba ya mashine na muda wa waranti. Muuzaji akikataa ukaguzi huu, ondoka na pesa yako.