Kugawa Kilomita 40 za Wiki

Mkimbiaji anayemaliza kilomita 10 kwa saa moja, na ambaye amezoea kukimbia kilomita 40 kwa wiki, anaweza kuzigawa katika siku tano. Mbio ndefu hupangwa kwanza: kilomita 12, tuseme Jumamosi. Hiyo ni kama asilimia 30 ya wiki nzima, na inafaa kuishia hapo. Anayekimbia kilomita 20 tu kwa wiki kisha akabeba 12 siku moja huipa miguu mzigo ambao siku nyingine hazikuiandaa kuubeba.

Mazoezi makali huwekwa mbali na mbio hizo, Jumanne, nayo huchukua kilomita 8. Mbili za mwanzo ni za kupasha mwili moto. Hufuata vipande vinne vya kilomita moja moja, kila kimoja kwa dakika 5 na sekunde 45 hivi, na kati yake mapumziko ya dakika tatu ya kutembea. Mbili za mwisho ni za kupoza mwili. Kwa hiyo kasi yenyewe ni kilomita 4 tu, sehemu moja ya kumi ya wiki.

Zinabaki kilomita 20 za polepole: 6 Jumatano, 7 Alhamisi na 7 Jumapili. Jumatatu na Ijumaa ni za kupumzika. Mbio ndefu nazo hukimbiwa polepole, kwa dakika 7 hadi 7 na nusu kwa kilomita. Kwa mwendo huo mtu huongea sentensi nzima bila kuhema.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Dakika 7 huonekana ni uvivu, basi Jumatano inakimbiwa kwa 6 na nusu, na Alhamisi vivyo hivyo. Moyo na mapafu huzoea mapema, lakini kano na mifupa hujijenga taratibu, na hujijenga katika siku hizo nyepesi. Huko Iten, Kenya, wanaume wanaoweza kukimbia marathoni kwa takriban dakika 3 kwa kilomita huanza mbio zao nyepesi kwa mwendo ambao mkimbiaji wa kawaida angeweza kuufuata.

Dalili huonekana Jumanne inayofuata: kipande cha kwanza kinatoka kwa 5:45, cha nne kinafika 6:10. Mapigo ya moyo ya alfajiri, kabla ya kutoka kitandani, nayo hupanda kuliko kawaida, na muundi huanza kuuma ukibonyezwa. Dawa si kufuta Jumanne, bali kupunguza kasi ya Jumatano na Alhamisi. Muundi ukiuma sehemu moja hata wakati wa kutembea, mbio zote husimama mpaka mganga auangalie.

Kilomita zikiongezwa, zianzie siku nyepesi, moja au mbili kwa wiki, na kila wiki ya nne jumla ishushwe hadi 30 hivi. Jumanne ikikosekana kwa mvua au kazi, mazoezi makali yanaweza kuhamia Jumatano. Yakifika Ijumaa yameshaisogelea mno Jumamosi, na wiki hiyo huachwa bila mazoezi hayo.