Majina Mawili, Dawa Moja

Bibi alianza kuvimba miguu na kupata kizunguzungu. Tulimwaga mfuko wake wa dawa mezani. Mlikuwa na pakiti mbili za dawa ya shinikizo la damu kutoka kliniki tofauti, kila moja na jina lake la kibiashara. Lakini maandishi madogo chini yalifanana: amlodipini miligramu 10. Alikuwa akimeza 20 kwa siku, ilhali kiwango cha juu ni 10. Tuliupeleka mfuko wote kwa daktari, naye ndiye aliyefuta moja.

Sasa kila Jumapili namjazia kisanduku cha vyumba 7. Nilimwuliza kwanza mfamasia ni vidonge gani visitolewe kwenye pakiti, maana vingine huharibiwa na unyevu. Kidonge kikibaki kwenye chumba cha jana, hatumwongezei leo.