Kilicho Chini ya Jamvi

Februari, udongo mweusi wa Kitengela hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima unaingia. Ukiutazama hutaamini kwamba kina kidogo tu chini ya hapo kuna unyevu. Lakini upo, na haukai mahali pamoja. Kati ya punje za udongo laini kuna vinjia vyembamba mno, na maji hupanda kupitia humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Vinjia vikiwa vyembamba zaidi, maji hufika juu zaidi. Zege nalo lina vinjia vyake, kwa hiyo jamvi lililomwagwa moja kwa moja juu ya udongo hupokea maji hayo na kuyafikisha hadi kwenye vigae.

Ndiyo maana mafundi huweka vitu vitatu kati ya udongo na jamvi: mawe ya hadikoo, tabaka jembamba la vumbi la kokoto linaloitwa blaindingi, na nailoni ya kuzuia unyevu. Wenye nyumba wengi huyalipia mawe bila kunung'unika, kwa kuwa wanayaona yakishushwa kwenye lori. Nailoni pia huinunua. Vumbi la kokoto ndilo hukatwa fedha zinapopungua, na hapo ndipo kazi ya tabaka lingine zima hupotea.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3. Kwanza udongo mweusi huondolewa, kwa sababu huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na hakuna jamvi la kawaida linalovumilia mchezo huo. Ndani ya kuta za msingi hujazwa hadikoo yenye unene wa milimita 300. Hiyo ni meta za ujazo 3.6 baada ya kushindiliwa. Mawe yakiwa bado yamelegea huchukua nafasi kubwa zaidi, hivyo fundi mwenye hesabu huagiza kama meta za ujazo 4.5.

Mawe hayo yana kazi mbili. Yanabeba jamvi na kuusambaza uzito wake juu ya ardhi, na yanakata njia ya maji. Mapengo kati ya jiwe na jiwe ni makubwa, kwa hiyo maji yanayopanda kwenye udongo yakifika hapo hukosa wembamba wa kuyavuta. Kazi hii ya pili hufa mara tu mawe yakichanganywa na udongo. Moramu iliyojaa vumbi la mfinyanzi hushindilika vizuri na kuonekana imara, lakini vinjia vyembamba vimerudi, na maji yanaendelea na safari.

Kushindilia hufanywa kwa matabaka ya milimita 150, si kwa kujaza yote mara moja na kupitisha mashine juu. Nguvu ya mashine ndogo haifiki chini sana. Mawe makubwa huvunjwa kwa nyundo, na madogo hupigiliwa kwenye mapengo mpaka jiwe likikanyagwa halitikisiki. Hadikoo iliyolegea hujisema baadaye: sakafu hudidimia katikati ya chumba, mwanya hutokea chini ya sketingi, na ufa hufuata ukingo wa ukuta.

Aina ya jiwe nayo ina uzito wake. Kaskazini mwa Dublin, nchini Ireland, nyumba nyingi zilizojengwa mwanzoni mwa karne hii ziliwekewa hadikoo ya mwamba laini wenye madini ya pairaiti. Madini hayo yakikutana na hewa na unyevu hutoa asidi. Asidi hiyo ikigusana na chokaa iliyomo kwenye jiwe hutengeneza jasi, na jasi huhitaji nafasi kubwa kuliko kilichokuwapo. Hadikoo ikavimba, sakafu zikainuka, milango ikagoma kufunguka, kuta zikapasuka. Mwaka 2013 nchi hiyo ilitunga sheria maalumu ya kushughulikia nyumba hizo, na tiba yake ilikuwa kuvunja sakafu na kuzoa mawe yote. Hapa kwetu kosa lililo karibu zaidi ni kujazia kifusi cha nyumba iliyobomolewa kikiwa bado na plasta ya jasi, mbao na mizizi. Mbao na mizizi huoza na kuacha mashimo. Jasi hushambulia saruji.

Sasa mawe yameshindiliwa, lakini uso wake bado una ncha. Juu yake humwagwa vumbi la kokoto au mchanga wa milimita 50, ambalo kwa chumba chetu ni meta za ujazo 0.6 tu. Husawazishwa kwa ubao na kushindiliwa kidogo. Linaziba mapengo ya juu ili zege lisidondoke na kupotelea kwenye mawe, na linafunika kila ncha. Kwenye maeneo ya mchwa, dawa hunyunyizwa hapa, kabla nailoni haijatandikwa.

Nailoni inayotakiwa na mafundi wengi ni ya geji 1000, yaani robo ya milimita. Itandike juu ya hadikoo tupu, mpitishe mtu mwenye buti akisukuma toroli la zege, kisha ifunue. Kila palipokuwa na ncha utakuta tundu lenye kingo nyeupe zilizovutika, mengine madogo kama kichwa cha msumari. Zege likishamwagwa hakuna atakayeyaona, na kila tundu ni mlango wa unyevu. Vumbi la meta 0.6 ndilo lingeyazuia.

Baadhi ya nailoni zinazouzwa kwa jina la geji 1000 ni nyembamba kuliko hivyo, na jicho halitambui. Mizani inatambua. Kipande cha mita moja kwa moja chenye unene wa robo milimita kina uzito wa takribani gramu 230. Kikiwa na gramu 150, umeuziwa nyingine. Hakikisha tu kwamba unapima tabaka moja, kwani nailoni nyingi hukunjwa mara mbili kwenye roli.

Nailoni ya upana wa mita 4 inatosha chumba cha mita 3 bila kiungo na bado inapanda pembeni. Palipo na kiungo, vipande hupandana milimita 300 na kubandikwa kwa tepu. Bomba linapopenya, nailoni hukatwa kwa kubana na kufungwa kwa tepu kulizunguka. Waya wa BRC huwekwa juu ya vikalio vya saruji tangu mwanzo, si kuvutwa kwa ndoano zege likiwa bichi, kwa kuwa ndoano hiyo huchana. Pembeni, nailoni hupandishwa hadi ikutane na utando wa kuzuia unyevu wa ukutani. Pakiachwa pengo la vidole viwili, maji hupita hapo, na rangi ya chini ya ukuta hubambuka hata kama sakafu ni kavu.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, kuna kipimo rahisi: bandika kipande cha plastiki angavu cha sentimita 45 kwa 45 juu ya zege tupu, ziba kingo zote kwa tepu, na uache kwa saa 16. Matone chini ya plastiki, au zege kugeuka jeusi, huonyesha kwamba unyevu unatoka kwenye jamvi. Kama zege ni la miezi michache, huenda ni maji yake lenyewe bado yanatoka. Kama ni la miaka, mafundi hupaka utando wa epoksi juu ya jamvi na kumwaga lipu mpya ya sakafu. Mahali ambapo maji ya ardhini hupanda hadi kusukuma sakafu wakati wa masika, nailoni hii haitoshi hata ikiwekwa bila dosari. Hapo huhitajika mifereji ya kuyaondoa maji kuzunguka msingi kabla jamvi halijamwagwa.