Mkanda wa Nikahi Usitiwe Dekini kwa Pupa

Familia nyingi za Kibaha na Kisarawe zingali na kanda za VHS za nikahi na maulidi. Uundaji wa deki zake ulikoma mwaka 2016, na unyevunyevu wa Pwani huota kuvu ndani ya kanda zenyewe.

Tuchukue mfano wa mkanda wa nikahi wa saa 3. Kwanza tutazame utepe kupitia dirisha la plastiki. Tukiona unga mweupe, hiyo ni kuvu. Mkanda huo usichezwe, kwani huchafua vichwa vya deki, na deki huchafua kanda nyingine. Apewe fundi ausafishe.

Mkanda safi upelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa, kisha uchezwe huku kompyuta ikirekodi. Picha ikipindapinda, kifaa cha kunyoosha mistari kiwekwe hapo hapo kati ya deki na kompyuta, kwa kuwa baadaye ni vigumu kuinyoosha. Kwa mfumo wa DV, saa 1 huchukua takriban GB 13, hivyo mkanda wetu utahitaji GB 39. Nakala hii isiguswe. Marekebisho yafanyiwe nakala ya pili.

Rangi hurekebishwa kwa kulinganisha na kitu tukijuacho kuwa cheupe, kama kanzu ya bwana harusi. Mvumo wa sauti upunguzwe kidogo kidogo: ukizidisha, khutba ya nikahi husikika kama inatoka chini ya maji. Hapo turudi nyuma hatua moja. Mvumo kidogo ni afadhali kuliko maneno ya sheikh kumezwa.