Simu Iliyowekwa Katikati ya Meza ya Kikao

Siku hizi katibu wa kikao hakimbizani tena na maneno ya wajumbe. Anaweka simu katikati ya meza, anabonyeza kitufe chekundu, kisha anasikiliza kama wengine. Jioni anavaa spika za masikioni, anarudia pale mwenyekiti alipotaja kiasi cha fedha na pale wajumbe wawili walipoongea kwa pamoja, na muhtasari unatoka safi. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya unaanza pale wajumbe wanapokuja kugundua, kupitia sauti iliyozagaa kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba simu ile haikuwekwa mezani kupunga upepo.

Sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi, kama lilivyo jina lake au namba yake ya simu. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa hizo mwaka 2019. Tanzania ikafuata na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Hazikutungwa kwa kuwalenga makatibu, lakini zinawafikia: anayekusanya taarifa za mtu anapaswa kumjulisha mwenyewe, kabla hajazikusanya, zinakwenda kufanya kazi gani na nani watazipata.

Wapo wanaodhani hayo ni makaratasi tu. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Siku hizohizo sehemu moja ya starehe jijini Nairobi nayo ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja wake. Hizo zilikuwa picha, lakini hoja haibadiliki kwa sauti: kuwepo mahali hakumaanishi umekubali kuchukuliwa na kusambazwa.

Hapo kuna mjumbe atakayeuliza, mbona Bunge linarekodi kila neno? Ni kweli, na Hansard huchapishwa ili yeyote asome. Ila mbunge anaingia ukumbini akijua kwamba anazungumza na nchi nzima. Kamati ya watu saba, nyuma ya mlango uliofungwa, haiko katika hali hiyo.

Ichukuliwe, kwa mfano, kamati ya mikopo ya SACCOS ya watumishi wa hospitali. Wajumbe ni watano, meneja ni mwalikwa, katibu anaandika. Ajenda ni zilezile za kila mwezi: kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, maombi ya mikopo, wanachama waliochelewesha marejesho, mengineyo. Katibu anataka kurekodi kwa sababu mwezi uliopita aliandika milioni 3 mahali ambapo kamati ilipitisha milioni 2, na ulizuka ugomvi mkubwa.

Kinachofanyika mara nyingi ni mwenyekiti kusema, "Katibu atarekodi, asiyetaka anyooshe mkono." Hakuna mkono unaonyooka, kikao kinaendelea, na wote wanaamini ridhaa imepatikana. Haikupatikana. Sheria ya Kenya inaeleza wazi kwamba ridhaa ni tamko au tendo la hiari la mtu aliyeelezwa jambo lenyewe, na kwamba mzigo wa kuithibitisha uko kwa anayekusanya taarifa. Ukimya si tendo. Zaidi ya hapo, katika kamati hii wajumbe wawili ni wauguzi na mwenyekiti ni msimamizi wao wa kazi. Nani kati yao atanyoosha mkono?

Njia nyepesi ni kutumia karatasi ya mahudhurio ambayo kila mtu anaisaini hata hivyo. Pembeni ya safu ya sahihi inaongezwa safu ya "Naridhia sauti yangu kurekodiwa: Ndiyo/Hapana", na juu ya karatasi yanaandikwa maelezo mafupi: sauti inachukuliwa kwa ajili ya kuandika muhtasari tu, atakayeisikiliza ni katibu peke yake, na itafutwa muhtasari ukishathibitishwa. Mtu anajaza kimya kimya, kabla simu haijawashwa. Anayechelewa anajaza anapoingia, na kurekodi kunasimama mpaka amalize. Anayeunganishwa kwa simu kutoka mkoani anasomewa maelezo na kuulizwa kwa jina, kwa kuwa yeye haioni ile simu iliyo mezani.

Tuseme mjumbe mmoja kaandika "Hapana". Haulizwi sababu, na kikao hakimtazami kama mwenye la kuficha. Yeye anapozungumza kurekodi kunasitishwa, na maneno yake yanaandikwa kwa kalamu, kama yalivyokuwa yakiandikwa miaka yote. Ikiwa huyo ni mzungumzaji mkuu wa kikao kizima, basi siku hiyo kinasa sauti kinabaki kwenye begi.

Mpaka hapo wengi wanadhani kazi imekwisha. Kumbe sehemu ngumu ndiyo inaanza, nayo ni ajenda ya nne na ya tano. Mwombaji mkopo hayumo chumbani. Wajumbe wanataja jina lake, mshahara wake, deni alilonalo kwingine, pengine na mtoto wake anayetibiwa. Wote saba wameridhia kurekodiwa, lakini hakuna hata mmoja wao mwenye uwezo wa kuridhia kwa niaba yake. Mwanachama huyo alipojaza fomu ya mkopo alikubali maombi yake yajadiliwe. Hakuwahi kuambiwa kwamba majadiliano yatakuwa faili la sauti ndani ya simu ya mtu. Na sheria ya Tanzania inahesabu miamala ya fedha ya mtu binafsi, afya yake na taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti, ambazo hulindwa kwa masharti makali zaidi na huhitaji ridhaa ya maandishi ya mhusika mwenyewe.

Kwa hiyo katibu anayeijua kazi yake anasimamisha kinasa sauti ajenda ya nne inapotajwa. Akihitaji msaada wa kumbukumbu ya viwango, anasubiri kamati imalize kujadili, anakiwasha, na mwenyekiti anasoma maamuzi kwa namba za maombi bila majina: ombi namba 14, limepitishwa, shilingi milioni 2, miezi 18. Maamuzi ndiyo yanayohitajika kwenye muhtasari. Nani alisema nini kuhusu mke wa mwombaji hakuhitajiki, wala kusingefaa kuandikwa hata kama kungesikika vizuri.

Sasa maandishi yenyewe. Mihutasari mingi iliyorekodiwa ama haisemi chochote kuhusu kurekodi, ama inaishia na "kikao kilirekodiwa". Sentensi hiyo ni mbaya kuliko ukimya: inathibitisha kwamba sauti ipo bila kuthibitisha kwamba iliruhusiwa. Katika mfano huu, maelezo yangekaa mara tu baada ya kufungua kikao na akidi, hivi:

"Kurekodi kikao. Kabla ya kuanza, katibu aliwaeleza waliohudhuria kuwa anaomba kurekodi sauti kwa simu ya ofisi, kwa madhumuni ya kuandaa muhtasari tu, na kuwa sauti itatunzwa na katibu na kufutwa muhtasari huu utakapothibitishwa. Waliohudhuria saba walijaza fomu ya ridhaa: sita waliridhia, mmoja hakuridhia na maelezo yake hayakurekodiwa. Kurekodi kulianza saa 4:10 asubuhi, kulisitishwa saa 4:35 kwa majadiliano ya ajenda Na. 4 na Na. 5, na kulirejea saa 5:20 kwa kusoma maamuzi. Kulifungwa saa 5:40. Kumbukumbu rasmi ya kikao ni muhtasari huu."

Aliyekataa hakutajwa jina. Jina lake liko kwenye karatasi ya mahudhurio iliyo kwenye faili la katibu, na litaonekana tu likizuka swali. Muhtasari unaozunguka kwa wanachama hauna haja nalo. Saa nazo zimewekwa kwa makusudi: faili la sauti likionyesha dakika 90 wakati muhtasari unasema 45, yeyote ataona kwamba simu haikuzimwa pale iliposemwa imezimwa. Sentensi ya mwisho inakata mapema ule ubishi wa "lakini kwenye sauti nilisema vile". Mjumbe anayeona ameandikwa vibaya anasahihisha muhtasari unapothibitishwa kwenye kikao kinachofuata, na sauti haifutwi kabla ya hapo. Mgogoro ukiwa umeshafika kwa mrajisi au mahakamani, ufutaji unasimama kabisa, kwa kuwa kufuta sasa kutaonekana ni kuharibu ushahidi.

Kufuta kwenyewe kunawaangusha wengi. Sauti iliyofutwa kwenye simu mara nyingi huhamia kwenye sehemu ya vilivyofutwa na kukaa huko. Voice Memos ya iPhone kwa kawaida hukiweka kilichofutwa kwa siku 30, na kilichotupwa kwenye Google Drive nacho hukaa siku 30. Simu iliyowekwa kuhifadhi nakala yenyewe inaweza kuwa imeshapeleka sauti mtandaoni kabla katibu hajafika nyumbani. Ndiyo maana simu ya ofisi ni bora kuliko simu binafsi, na hifadhi ya nakala huzimwa kabla ya kikao. Na sauti ikishatumwa WhatsApp kwa "nisaidie kusikiliza hapa", ahadi ya kuifuta imekufa: mpokeaji ana nakala yake.

Jumuiya za Waswahili walio ng'ambo zinahitaji tahadhari zaidi. Mjumbe anayejiunga kutoka Ujerumani yuko katika nchi ambayo kurekodi kwa siri mazungumzo yasiyo ya hadhara ni jinai inayoweza kuleta kifungo cha hadi miaka mitatu, na jimbo la California nchini Marekani linataka ridhaa ya kila mshiriki wa mazungumzo ya siri. Zoom hutangaza kwamba mkutano unarekodiwa. Simu iliyoegemezwa kando ya kompyuta haitangazi lolote.

Kikao kinachofuata cha kamati ile ya mikopo kitakuwa na mstari mmoja zaidi chini ya yatokanayo: "Katibu alitoa taarifa kuwa sauti ya kikao kilichopita imefutwa kwenye simu ya ofisi pamoja na sehemu ya vilivyofutwa, na kwamba hakuna nakala nyingine." Katibu asiyeweza kuandika mstari huo bila kusitasita asianze kurekodi.